Karatasi ya Ndani

Idara ya Madaraja ya Waya inapenda kuutangazia umma kwamba, tangu ilipoanzishwa, haijawahi kukosea jina la mtu yeyote mwenye cheo. Rekodi hii haijavunjwa na idara nyingine yoyote jijini Kathmandu, na inalindwa na Kitengo cha Sherehe na Majina, chenye watumishi wawili, meza tatu na hita moja ya gesi. Meza ya tatu ni ya hita.

Mkuu wa kitengo alikuwa Bwana Tikaram Pokhrel. Aliyebaki alikuwa Ishwari Khadgi, karani, ambaye kazi yake kwa mujibu wa barua ya ajira ilikuwa kuandika, kuhesabu, kufunga na kutoshangaa.

Jumatano ya mwezi wa Magh, saa kumi na moja jioni, baridi ikiwa imeshaingia mpaka ndani ya chupa za wino, gari la mtambo wa uchapaji lilishusha mabunda matano yaliyofungwa kwa karatasi ya kaki. Kila bunda programu mia moja. Kesho yake, saa tano asubuhi, Waziri angekuja kusherehekea daraja la elfu moja la Idara na kumtunuku shali mbeba mizigo mmoja, ili wabeba mizigo wote wajisikie wametunukiwa bila kuwaongezea kazi watu wa shali.

Ishwari alifungua bunda la kwanza na kuanza kuhesabu. Programu ilikuwa nzuri, kurasa nane, jalada la rangi lenye picha ya Mkurugenzi Mkuu akitazama daraja, na daraja likionekana kidogo nyuma ya sikio lake. Alipofika kwenye nakala ya kumi na saba, macho yake yaliteleza hadi ukurasa wa tatu, na mkono ukasimama.

Ukurasa ulisema: Mtunukiwa, Bi Jureli Thapa, mjane wa Birkhe Thapa.

Akachukua nakala nyingine. Thapa. Akachukua ya bunda la nne, kama vile mashine ingeweza kubadili mawazo katikati ya kazi. Thapa.

Bi Jureli si Thapa. Ni Thami. Kwa maandishi yetu tofauti ni ndogo, mkono ukienda haraka hauioni. Lakini akina Thapa wamejaa kila ofisi ya nchi hii, na akina Thami ni watu wachache wa milima ya Dolakha ambao ofisi huwakumbuka siku ya kubeba kitu kizito. Ishwari mwenyewe ndiye aliyeandika rasimu. Aliandika Thami. Mara mbili.

"Mkuu," alisema, "jina la mtunukiwa limekosewa."

Bwana Pokhrel alikuwa akitafuna soya za kukaanga, moja moja, akizitoa kwenye karatasi iliyokunjwa. Hakunyanyua kichwa.

"Halijakosewa. Lilikuwa limekosewa. Mimi nimelisahihisha."

"Wewe?"

"Kwenye prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa. Nimeona umeandika Thami, nikasema huyu binti amechoka. Nani anaitwa Thami? Nimekaa serikalini miaka ishirini na sita, sijawahi kupokea barua kutoka kwa Thami."

"Hawaandiki barua, mkuu. Wanabeba waya."

"Basi na wangeandika." Akala soya moja. "Halafu ulikuwa umeweka maneno mengi pale. Mume wake sijui alianguka na waya, sijui akafa. Sherehe hiyo, Bi Ishwari. Nimekata."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

Bwana Pokhrel alifuta vidole, akavuta droo, akatoa Mwongozo wa Masahihisho ya Majina, toleo la tatu. Alikuwa ameutunga yeye.

"Kifungu cha nne," alisoma. "Jina la mwenye cheo cha kwanza likikosewa, programu itachapwa upya. La cheo cha pili, litabandikwa stika. La cheo cha tatu, kitaingizwa kikaratasi cha masahihisho. Huyo bibi ana cheo gani?"

"Hana."

"Kifungu cha tano. Jina la asiye na cheo litasahihishwa kwa nia." Akafunga kitabu. "Mimi nimeshalisahihisha kwa nia hapa nilipokaa. Na wewe lisahihishe. Tukiwa wawili inatosha."

Jambo hili lingeweza kuishia hapo, na hita ikazimwa, kama si kwamba Bi Jureli mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa nane. Aliletwa kuonyeshwa njia ya kupandia jukwaani, maana Waziri hapendi watu wanaopanda kwa kusitasita. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mfupi, shingo nene kama ya mtu aliyebeba kamba ya mzigo kwenye paji la uso tangu utotoni. Glasi ya chai aliyopewa alikuwa ameimaliza na sasa alikuwa ameikumbatia kwa ajili ya joto lililobaki.

"Binti," alimwita Ishwari, "wamesema jina langu liko kwenye kitabu. Nione."

Ishwari alimpa. Angefanya nini? Alijua bibi hajui kusoma.

Bi Jureli hakuhitaji kusoma. Alitia mkono ndani ya mkanda wa kitambaa uliozungushwa kiunoni, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake cheti chake cha uraia kilichokunjwa mara nne. Akakilaza juu ya ukurasa wa tatu. Akafuata herufi kwa kidole, cheti kwanza, kisha kitabu, polepole, kama mtu anayekagua kama mbuzi aliyerudishiwa ndiye yuleyule.

"Hapa mwisho hapafanani," alisema.

"Ni kweli, bibi. Wamekosea."

"Wameandika Thapa?"

"Ndiyo."

Bi Jureli alikunja cheti chake. Hakukasirika, na hilo lilimsumbua Ishwari kuliko angekasirika.

"Na Birkhe waliandika hivyohivyo," alisema. "Tulikuwa watu arobaini na mmoja kwenye waya mmoja wa daraja hili la elfu. Waya wa daraja haukatwi, unajua hilo? Ukikatwa si waya tena. Unabebwa mzima, kila mtu na duara lake begani, na kati ya mtu na mtu unaning'inia. Mmoja akisimama, wote mnasimama. Mmoja akianguka, mnavutwa. Mimi nilikuwa mbele, napiga kelele za hatua. Siku ya sita, kwenye bonde, Birkhe alianguka. Akatupa duara lake ili asituvute wengine. Hatukuvutwa."

Akageuza glasi mkononi.

"Ofisi yenu ikaandika kwamba amekufa Birkhe Thapa. Wakatuma mtu kijijini kutafuta nyumba ya Thapa. Kijiji chetu hakina Thapa. Akarudi akaandika hakuna aliyekufa. Nimekwenda kwao mara tisa. Wananionyesha karatasi: mama, hakuna aliyekufa. Nami nikawa mke wa mtu ambaye hakufa na harudi." Akamtazama Ishwari. "Nimesikia kesho kutwa wanachonga kibao cha shaba, kikawekwe darajani."

"Ndiyo. Wanakichonga kutoka kwenye programu hii."

"Basi itakuwa hivyohivyo tena. Ila sasa kwa shaba."

Ishwari alikwenda dirishani kulikokuwa na mtandao wa simu, akampigia mchapaji.

Mchapaji, Asta Chitrakar, alikuwa mtu wa makamo mwenye wino ndani ya mistari ya viganja, wino ambao mkewe alishauzoea na sabuni ilishaukatia tamaa. Alipokea simu akiwa tayari ana hasira.

"Dada, usiniambie. Nina prufu hapa yenye sahihi ya Pokhrel. Kalamu nyekundu, ni yeye kaandika Thapa, ni yeye kasaini. Mimi kila prufu yenye sahihi naiweka kwenye sanduku la bati mpaka wateja wafe."

"Sikulaumu, kaka Asta. Nauliza tu. Nikitaka kubadilisha ukurasa wa tatu peke yake?"

"Hakuna ukurasa peke yake. Chukua moja mkononi. Unayo?"

"Ninayo."

"Ng'oa pini. Taratibu, usichane mgongo. Umeona? Ni karatasi mbili kubwa, kila moja imekunjwa katikati, moja imo ndani ya nyingine. Ya nje ina ukurasa wa kwanza na wa nane upande mmoja, wa pili na wa saba upande wa pili. Hiyo ni ya rangi, mabamba manne ya kuchapia kwa upande wa jalada peke yake, hiyo siigusi hata aje Waziri na fimbo. Ya ndani ni wino mweusi tu. Bamba moja upande huu, bamba moja upande huu."

"Na ukurasa wa tatu uko kwenye ya ndani."

"Uko kwenye ya ndani, na pembeni yake, karatasi ileile, upande uleule, bamba lilelile, uko wa sita. Ukiuchapa wa tatu umeuchapa wa sita. Nyuma yao kuna wa nne na wa tano. Hata ukitaka kuwatenganisha huwezi, labda kwa mkasi."

Ishwari alifunua karatasi ya ndani, akailaza mezani. Kushoto ukurasa wa sita: Viongozi Watakaokaa Jukwaani. Kulia ukurasa wa tatu. Jina la Mkurugenzi Mkuu na jina la Bi Jureli yalikuwa yamelala kwenye karatasi moja, bega kwa bega, na kati yao mkunjo tu.

"Kaka Asta, mashine yako inazimwa saa ngapi?"

"Saa mbili. Lakini nikikupigia bamba jipya nataka amri ya maandishi, yenye sahihi ya Mkurugenzi. Si ya Pokhrel, maana ya Pokhrel ninayo tayari na umeona ilivyotufikisha. Na nikianza, uje na watu wa kukunja. Wino wa upande wa kwanza lazima ushike kabla sijageuza, na kwa baridi hii unashika kwa kujisikia."

"Nitakuja na mtu mmoja."

"Anajua kukunja?"

"Ana mabega mazuri."

Kabla ya kwenda juu, Ishwari aliangalia ukurasa wa sita kwa makini. Tunasema kwa makini kwa sababu ndiyo kazi iliyomo kwenye barua yake ya ajira. Katika rasimu yake mstari wa kwanza ulikuwa: Mhandisi Ghanashyam Rimal, Mkurugenzi Mkuu. Bwana Pokhrel, alipoona mstari unavuka ukingo kwa herufi chache, alikuwa amelikata neno Mhandisi. Mistari mingine ilikuwa mifupi, na Wahandisi wake wote walibaki. Kwa hiyo katika watu saba watakaokaa jukwaani, Wahandisi walikuwa watano, na wasio na chochote mbele ya jina walikuwa Mkurugenzi Mkuu na dereva wake, ambaye aliorodheshwa kama mtunza maua ya kuvisha wageni.

Mkurugenzi Mkuu alimpokea akiwa anajaribu kofia mbili mbele ya kioo.

"Ipi, Bi Ishwari?"

"Ya kijivu, mheshimiwa. Nimekuletea programu uione kabla haijagawiwa."

"Pokhrel ameiona?"

"Ameiona, na kalamu yake nyekundu. Imepita mpaka ukurasa wa sita."

Mkurugenzi hakuuliza kuna nini ukurasa wa sita. Aliuendea kama mtu anayejua njia ya nyumbani kwake gizani. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akashuka mpaka wa saba, akarudi wa kwanza. Kofia ya kijivu ikashuka kidogo kwenye paji la uso.

"Mimi na dereva," alisema.

"Labda wageni hawataona, mheshimiwa."

"Waziri atasomewa hii kwa sauti. Mtu anaitwa jukwaani kwa kile kilichoandikwa. Mhandisi fulani, Mhandisi fulani, halafu 'Ghanashyam Rimal', kama mtu aliyekuja kurekebisha bomba." Akaketi. "Ibandikwe stika."

"Stika ni ya cheo cha pili, mheshimiwa. Kifungu cha nne."

"Kweli. Mimi wa cheo cha pili?"

"Ndiyo maana nimepanda ngazi."

"Basi ichapwe upya. Yote."

"Si lazima yote. Karatasi ya ndani tu, ile ya nje inabaki. Lakini mchapaji anataka amri ya maandishi. Na neno Mhandisi halikutosha kwenye mstari, ndiyo maana Bwana Pokhrel alilikata."

Mkurugenzi alitazama ukutani. Ukutani palikuwa na fremu ya dhahabu, na ndani yake hati iliyomjia kwa posta kutoka kwenye akademia moja ya ng'ambo yenye anwani ya sanduku la barua, ikimpa udaktari wa falsafa kwa mchango wake katika mambo. Mambo hayakutajwa. Mpaka siku ile alikuwa ameitumia kwa wageni wanaokunywa chai tu.

"'Dkt.'," alisema polepole, "ina herufi ngapi?"

"Tatu na nukta, mheshimiwa."

"Itatosha kwenye mstari."

"Itatosha na nafasi itabaki."

"Unaona? Tatizo lilikuwa la kiufundi tu." Akavuta karatasi, akachukua kalamu. "Niandikeje?"

Ishwari alitazama fremu, akatazama sakafu, akasema kwa sauti ya mtu asiye na haja na jambo lolote duniani: "Labda kwamba karatasi ya ndani ichapwe upya. Mbele ya jina lako iwekwe 'Dkt.'. Na masahihisho yote ya kalamu nyekundu yafutwe, kila kitu kirudi kama kilivyokuwa kwenye rasimu ya kwanza. Ili pasiwe na mkono wa mtu mwingine tena kwenye majina."

"Pasiwe na mkono wa mtu," alirudia Mkurugenzi, akiandika. "Nani kampa Pokhrel kalamu nyekundu?"

"Nadhani alijinunulia."

Akasaini. Sahihi yake ilikuwa ndefu na yenye kiburi, ikavuka ukingo wa karatasi, lakini hakuna aliyeikata.

Bwana Pokhrel alitakiwa naye asaini prufu mpya, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo. Alifika kwenye mtambo wa Asta saa moja na nusu, na skafu imezungushwa mpaka puani. Ishwari alimwekea prufu chini ya taa. Aliipokea kama anavyopokea kila waraka: alitafuta jina lake, akalikuta ukurasa wa tano kwenye mstari wa Mshereheshaji, akalisoma mara mbili, akalipenda. Ukurasa wa sita aliona ile 'Dkt.' akanyamaza, kwa sababu mtu mwenye akili hana maoni juu ya shahada ya bosi wake. Ukurasa wa tatu haukuwa na mtu wa ofisini. Hakuusoma.

"Kila kitu sawa?" aliuliza Asta.

"Sawa kabisa," alisema Bwana Pokhrel, akasaini, akaenda nyumbani kula momo.

Asta aliiweka prufu kwenye sanduku la bati, juu ya ile nyingine. Kisha akapiga mabamba mawili, akaliosha la kwanza, akalifunga kwenye silinda, akawasha. Karatasi thelathini za mwanzo zilitoka na wino mzito upande mmoja na hafifu upande mwingine, akazitupa chini, akakaza hapa akalegeza pale. Ya thelathini na moja aliinua kwenye mwanga.

"Thami," alisoma. "Mjane wa Birkhe Thami, aliyeanguka na waya wa daraja hilo na kufariki. Ulikuwa umeandika hivi mwanzo?"

"Hivyohivyo."

"Na Mkurugenzi kasaini hivi?"

"Kasaini 'rasimu ya kwanza'."

Asta alicheka bila sauti, mabega tu. Akaiacha mashine iende.

Karatasi zilipotoka upande mmoja walizitandaza kila mahali: kwenye kamba, kwenye viti, juu ya mabunda ya vitabu vya shule, karibu na hita lakini si karibu sana, maana zikikauka kwa pupa zinajikunja. Bi Jureli alikaa sakafuni, na Ishwari akamwonyesha namna ya kung'oa pini kwa bisibisi bapa bila kupanua matundu, kutoa karatasi ya ndani ya zamani na kuacha jalada. Baada ya jalada la kumi bibi alikuwa na kasi kuliko wote wawili. Karatasi mpya zilipogeuzwa, zikachapwa upande wa pili na kushika wino, walikunja kwa kipande cha mwanzi kilicholainishwa, wakachomeka moja ndani ya nyingine, na Asta akapiga pini kwenye matundu yaleyale ya mwanzo, mbili kwa kila mgongo, mtu asijue kitabu kilifunguliwa.

"Kama waya," alisema Bi Jureli, akikunja.

"Vipi, bibi?"

"Mkubwa wako na mimi. Tumebebwa pamoja na yeye hajui." Akabonyeza mkunjo kwa mwanzi. "Ila nisikilize, wa mbele ndiye anayetakiwa kujua hatua. Huyo anajua?"

"Hajui."

"Basi ataivuta miguu yake mwenyewe."

Walimaliza ya mia tano. Zile karatasi za Thapa, Asta alizikata vipande akafanya vitabu vya kuandikia hesabu za duka.

Siku ya sherehe jua lilitoka kwa amri. Taa ya mafuta iliwashwa, wageni wakavishwa skafu, na Bwana Pokhrel, mshereheshaji, akashika programu kwa mikono miwili na kuanza kuwaita watu jukwaani. Kwa kawaida yake alisoma kwa sauti kabla ya kuelewa.

"Namkaribisha Daktari Ghanashyam Rimal, Mkurugenzi Mkuu."

Makofi. Mkurugenzi alipanda na kofia yake ya kijivu. Waziri, mama mwembamba mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi shingoni, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, aliivaa miwani na kufungua programu. Hakuwa na haraka. Alisoma salamu za Mkurugenzi, ukurasa wa pili, zile ambazo Asta hakuzigusa. Kisha macho yake yalivuka mkunjo hadi ukurasa wa tatu. Yakarudi wa pili. Yakaenda tena wa tatu.

Ilipofika zamu ya shali, Bwana Pokhrel alisoma: "Namkaribisha Bi Jureli Thami, mjane wa Birkhe Thami, aliyeanguka na waya wa..." Hapo ndipo alipoelewa. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimewashwa na watu mia tano walikuwa na maneno yaleyale mkononi, kwa hiyo alimalizia, "...na kufariki", kwa sauti inayopungua.

Bi Jureli alipanda ngazi bila kusitasita. Waziri alimvika shali, akamshika mikono, akaenda kwenye kipaza sauti akiwa na programu.

"Ukurasa wa pili," alisema Waziri, "Mkurugenzi Mkuu ananiandikia kwamba katika madaraja elfu moja, Idara haijapoteza mtu hata mmoja. Ukurasa wa tatu, unaotazamana nao, Idara hiyohiyo inaniambia amefariki mtu mmoja na inataja jina lake. Nimeuliza, nimeambiwa karatasi hii imesainiwa na Mkurugenzi mwenyewe jana jioni. Kwa hiyo nachukua ukurasa wa tatu. Kifo cha Birkhe Thami kimeandikwa na Idara, Idara imekiri, na kibao cha shaba kichongwe kama ilivyo humu, bila kubadilisha herufi."

Bi Jureli, nyuma yake, alishika ncha za shali na kuzibana kifuani. Midomo yake ilisogea. Aliyekuwa karibu anasema alikuwa anahesabu hatua.

"Jambo la pili," alisema Waziri, na hapa alitabasamu kama wanavyotabasamu walimu wakuu. "Nina furaha kubwa. Chuo chetu cha Wabeba Waya kule Humla hakina mkuu kwa miaka minne, kwa sababu sheria inataka mkuu awe na udaktari, na kila daktari ninayempata anaugua siku moja kabla ya ndege. Sikujua kwamba nimekaa na daktari hapahapa. Amekuwa mnyenyekevu, hakuwahi kusema. Dokta Rimal, utaanza Jumapili. Utawafanyia utafiti waliofariki ambao hawakufariki. Umewataja sifuri. Anzia hapo."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya shali. Mkurugenzi Mkuu alisimama, kwa kuwa mtu akipigiwa makofi husimama. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema mbele ya watu mia tano kwamba yeye si daktari. Au angeweza kuinama na kushukuru. Aliinama.

Baada ya chai alimkuta Ishwari akifunga bunda la programu zilizoachwa vitini kwa karatasi ya kaki.

"Bi Ishwari," alisema kwa sauti ya chini, "kile kibao cha shaba. Nacho kitasema 'Dkt.'?"

"Kitachongwa kutoka kwenye programu, mheshimiwa."

"Haiwezekani ikachapwa tena? Karatasi ya ndani tu. Bila ile... bila zile herufi tatu."

Ishwari alifikiri, kwa kuwa swali la mkubwa lazima lifikiriwe.

"Inawezekana, mheshimiwa. Lakini jina lako na la Bi Jureli yapo kwenye karatasi moja. Kulitoa lako lazima niandike kwa Waziri nieleze kwa nini. Na fomu ina sehemu inayouliza kosa lilikuwa la nani." Akavuta kamba ya bunda, akaikaza. "Labda tulisahihishe kwa nia. Kifungu cha tano."

"Hicho si cha wasio na cheo?"

"Nimemuuliza Bwana Pokhrel," alisema Ishwari. "Anasema kuanzia Jumapili utakuwa umo."

Nje, Bi Jureli alikuwa ameketi kwenye ngazi, shali mpya juu ya ile ya zamani. Aliikunjua programu magotini, akatoa cheti cha uraia kwenye mfuko wa plastiki, akakilaza juu ya ukurasa wa tatu. Akafuata kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akafuata tena, mstari wa chini, wa Birkhe.